Kutoka barua ya ombi hadi jedwali la bajeti

Barua nyingi za kuomba fedha hufanana na hii: "Kikundi chetu cha ufugaji nyuki chenye wanachama 24 kinaomba shilingi 3,000,000 kwa ajili ya mafunzo ya siku mbili, chakula na nauli za washiriki, ununuzi wa mizinga 20 ya kisasa pamoja na mavazi ya kinga." Anayeisoma anaelewa nia, lakini hawezi kujua hiyo milioni tatu imetoka wapi. Ndiyo maana mfadhili hujibu kwa sentensi moja: leteni mchanganuo.

Anza na barua yenyewe, kalamu mkononi. Pigia mstari kila kitu kitakacholipiwa, kisha kila kitendo. Vitu huonekana upesi. Vitendo ndivyo hujificha. "Ununuzi wa mizinga" una safari ndani yake, kwa kuwa mizinga 20 haibebeki kwa pikipiki. "Mafunzo" yana mwezeshaji anayelipwa, anayesafiri na anayekula. Na mizinga ikishafika lazima itundikwe mitini kwa waya, nyegere wasiifikie. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa kwenye barua, na vyote vina gharama.

Kila ulichopata kipe mstari wake. Safu zinazohitajika ni maelezo, kipimo, idadi, mara, bei ya kipimo kimoja, jumla na sababu. Safu ya "mara" huachwa na wengi, nao hujuta. Tuseme washiriki 10 wanatoka kijiji cha jirani. Kila mmoja atasafiri kwenda na kurudi kwa siku mbili, yaani safari 4. Ukiandika watu 10 kwa nauli ya 2,000 utapata 20,000, ilhali mahitaji halisi ni 80,000.

Hii ni mistari minne ya kikundi hicho. Bei ni za mfano. Za kwako zitoke dukani.

| Maelezo | Kipimo | Idadi | Mara | Bei | Jumla | Sababu |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Nauli za washiriki | safari | 10 | 4 | 2,000 | 80,000 | Wanaotoka kijiji cha jirani tu. Kwenda na kurudi, siku 2 |
| Chakula | sahani | 25 | 2 | 6,000 | 300,000 | Wanachama 24 na mwezeshaji 1. Siku 2 |
| Waya | roli la mita 50 | 3 | 1 | 45,000 | 135,000 | Mita 6 kwa mzinga, mizinga 20. Roli haligawanywi |
| Mavazi ya kinga | seti | 4 | 1 | 70,000 | 280,000 | Wanaoingia kuvuna kwa zamu ni 4 |

Tazama waya. Mahitaji ni mita 120, lakini duka linauza maroli. Kipimo cha kwenye jedwali kiwe kile muuzaji anachouzia, ndipo risiti itakapolingana na bajeti. Mita 120 ni maroli mawili na sehemu, kwa hiyo yatanunuliwa matatu.

Safu ya sababu ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Wengi huandika "mavazi ni muhimu kwa usalama," jambo ambalo hakuna aliyelikataa. Anayepitisha fedha anauliza maswali mawili: kwa nini idadi hii, na bei hii imetoka wapi? Kwa bei, andika tarehe na chanzo, kisha ambatisha profoma. Kwa idadi, jilazimishe kumaliza sentensi. Barua ya kikundi iliashiria mavazi kwa wanachama wote, yaani seti 24 za shilingi 1,680,000. Walipotakiwa kueleza kwa nini 24, jibu la kweli lilikuwa kwamba wanaovuna kwa pamoja ni wanne. Sababu isipopatikana, kosa liko kwenye idadi, na ndiyo ya kurekebisha. Kupamba maneno hakusaidii.

Kwa kompyuta, maelezo yakiwa safu A na jumla safu F, acha mashine izidishe:

```
=C2*D2*E2
=SUM(F2:F10)
```

Ya kwanza nakili hadi mstari wa mwisho. Ya pili ndiyo jumla kuu. Usichape jumla kwa mkono, kwani bei ikibadilika tarakimu ya zamani itabaki palepale.

Mistari mitano iliyobaki ni mizinga 20 kwa 80,000 kila mmoja, gari la kuileta 120,000, mabomba mawili ya moshi 50,000, malipo ya mwezeshaji 120,000 na nauli yake 30,000. Mstari wa "mengineyo" haumo, kwa sababu hauna kipimo wala idadi.

Jumla kuu ni shilingi 2,715,000. Basi rudi kwenye barua, ufute ile 3,000,000 na uandike kiasi hiki kabla ya kuituma.