Hesabu ya mwaka ya Muso: kurasa kumi na mbili, jumla moja

Akina mama wa Nyantende, Muso inapofunga mwaka, wanachama wanamuuliza mama trezoriye: je, kasha la kijani, lile la akiba na mikopo, liliingiza faranga ngapi? Anayeandika hesabu zake kwenye ordinateri, ukurasa mmoja kwa kila mwezi katika Excel, anaweza kujibu kwa mstari mmoja tu. Lakini mstari huo ukiwekwa vibaya, unatoa jibu la uongo bila kuonya mtu. Hapo ndipo mama wa watu anaanza kushukiwa wizi.

Fikiria makaratasi kumi na mbili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukichoma sindano, itatoboa yote mahali pamoja. Jumla hii inafanya vilevile: inachukua kisanduku kilekile katika kila ukurasa, toka Janvier mpaka Décembre, na kujumlisha. Kama jumla ya kila mwezi iko B26, kwenye ukurasa wa mwaka unaandika:

```
=SOMME(Janvier:Décembre!B26)
```

Kama Excel yako ni ya Kiingereza, andika `SUM` mahali pa `SOMME`. Majina ya kurasa yaandikwe sawasawa kama yanavyosomeka chini ya skrini.

Sasa tuchukue Muso ya mfano. Ina wanawake 20, kila mmoja anatoa faranga 5.000 kwa mwezi. Majina yamepangwa kwa alfabeti toka mstari wa 6 mpaka wa 25, na jumla iko chini yao, katika B26. Janvier inaonyesha 100.000, Février vilevile. Mwezi wa tatu anaingia mama wa 21. Trezoriye anaongeza mstari katikati ya majina, kuanzia Mars mpaka Décembre. Katika kurasa hizo jumla inashuka mpaka B27 na kuonyesha 105.000, ambayo ni sawa kabisa. Lakini sindano haikushuka nayo. Inaendelea kutoboa B26, na sasa pale kuna mchango wa mama wa mwisho peke yake: 5.000.

Angalia matokeo. Miezi miwili ya kwanza inatoa 200.000. Miezi kumi inayobaki inatoa 5.000 kila mmoja, yaani 50.000. Ukurasa wa mwaka unaonyesha 250.000, wakati michango iliyoingia ni 1.250.000. Faranga milioni moja hazionekani, lakini hakuna aliyezigusa.

Dawa yake ni kuweka jumla juu ya majina, siyo chini. Katika kila mwezi, kisanduku B3 kiandikwe hivi:

```
=SOMME(B6:B60)
```

Majina yanaanza mstari wa 6, na wanachama wapya wanaandikwa katika mistari iliyo wazi chini. Hata mkiwa 40, jumla inabaki B3. Ukurasa wa mwaka nao unaandikwa:

```
=SOMME(Janvier:Décembre!B3)
```

Jambo la pili ni mpangilio wa kurasa. Excel haijui miezi. Inajumlisha kila ukurasa unaokaa kati ya Janvier na Décembre. Mtu akisukuma Juin nje ya safu hiyo, mchango wa mwezi wa sita unatoka katika jumla kimyakimya. Kwa hiyo ukurasa wa mwaka ukae mbele ya Janvier au nyuma ya Décembre. Ukiingia katikati, unaanza kujihesabu wenyewe. Kando ya jumla ya mwaka, weka mlinzi huyu (`COUNT` kwa Kiingereza):

```
=NB(Janvier:Décembre!B3)
```

Inapaswa kuonyesha 12. Ikionyesha 11, kuna ukurasa uliotoka mahali pake, au mtu aliandika maneno katika B3. Ikionyesha 13, kuna ukurasa wa ziada ulioingia kati.

Mlinzi huyo hajui kama faranga zenyewe ni za kweli. Mtu akiandika «5000 FC» kwa herufi, Excel inaona neno, siyo namba, na inaliruka. Utalitambua kwa kuwa linaegemea kushoto, namba zinaegemea kulia. Kwa hiyo, kabla ya mkutano, soma jumla za miezi 12 katika kitabu cha Muso, mzijumlishe na mama mwingine wa komite, kisha mlinganishe na ukurasa wa mwaka.

Na usijumlishe hivi salio, yaani pesa zinazobaki katika kasha mwisho wa mwezi. Faranga 300.000 zilizolala kashani miezi 12 zingeonekana kuwa 3.600.000. Michango unaijumlisha, salio la mwaka ni lile la Décembre peke yake.