Migeuzo Minne, Daraja la Nne

Chukua namba wiani, yaani namba kama 5, 1/2 na −7/3, kisha uziongezee √2 na √3. Ukijumlisha, ukitoa, ukizidisha au ukigawanya, kila jibu litaandikika kwa namna moja tu: p + q√2 + r√3 + s√6, ambapo p, q, r na s ni namba wiani. Mkusanyiko wa namba unaoruhusu matendo hayo manne huitwa uga.

Uga huu unaweza kugeuzwa bila kuvuruga hesabu zake. Unaweza kubadili √2 iwe −√2, kubadili √3 iwe −√3, kubadili zote mbili, au kuacha kila kitu kilivyo. Migeuzo hii minne ni kundi, kwa kuwa ukifuatanisha miwili unapata mmojawapo wa hiyo hiyo. Ni namba zipi ambazo hazibadilishwi na mgeuzo wowote? Wa kwanza unalazimisha q na s ziwe 0. Wa pili unalazimisha r iwe 0. Inabaki p. Basi uga tulivu ni namba wiani, na kila namba ya uga mkubwa huelezwa kwa namba nne kutoka humo. Idadi hiyo ndiyo daraja: 4, sawa na idadi ya migeuzo.

Emil Artin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1942, alionyesha kwa nini daraja haliwezi kuzidi idadi hiyo. Tuseme migeuzo ni n. Chagua namba n + 1 za uga. Kwa kila mgeuzo andika mlinganyo mmoja: zigeuze namba zako, zidisha kila moja kwa kizidisho kisichojulikana, jumla iwe 0. Vizidisho vimeizidi milinganyo kwa kimoja, hivyo lipo suluhisho lisilo la sifuri tupu. Chukua lenye sifuri nyingi kuliko yote, uligawanye hadi kizidisho kimoja kiwe 1.

Sasa ligeuze suluhisho lenyewe. Kwa kuwa migeuzo ni kundi, milinganyo inabadilishana nafasi tu, na suluhisho lililogeuzwa linaifaa pia. Toa moja kutoka kwa jingine: ile 1 inafutika, na sifuri zinaongezeka. Hilo haliwezekani, isipokuwa tofauti yote ni 0. Kumbe vizidisho havikubadilika. Vyote vimo katika uga tulivu! Mlinganyo wa mgeuzo usiobadili kitu unaonyesha basi kwamba mojawapo ya namba zile n + 1 hupatikana kutokana na zilizobaki.

Daraja haliwezi kupungua pia. Lingekuwa chini ya n, milinganyo ya aina hiyo ingeleta vizidisho vinavyofanya migeuzo tofauti ifutane kwa kila namba ya uga, jambo ambalo Dedekind alikwisha kuthibitisha kuwa haliwezekani.

Wengi hukosea hapa: wakiongeza ∛2 kwenye namba wiani, wanaona daraja 3 lakini mgeuzo mmoja tu. Uga tulivu hapo si namba wiani, bali ni uga wote, na daraja juu yake ni 1.