Kamioni: Pete ya janti ikiruka, fundi hapati muda wa kukimbia

Kwenye barabara ya taifa namba 1, kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, kwado hakosekani. Kompresa inanguruma kando ya barabara, kamioni yenye mzigo imeinuliwa kwa jeki, na fundi amechuchumaa juu ya pine akishika tiyo ya upepo kwa mkono. Mara kwa mara anachukua nyundo na kugonga pete ya chuma ili ikae vizuri, huku upepo ukiendelea kuingia. Shofere na konvoyeri wake wamesimama karibu wakitazama. Ni picha ya kila siku, na karibu kila kitu ndani yake ni kosa.

Hatari yenyewe iko kwenye aina ya janti. Gari dogo lina janti ya kipande kimoja, na pine inaingizwa kwa kuvutwa juu ya ukingo wake. Lakini pine kubwa za kamioni, hasa zile za 12.00R20 zinazotumia shambre, ni ngumu mno kuvutwa namna hiyo. Ndiyo maana janti yake inafanywa kwa vipande. Kuna msingi, ambao ni kama pipa fupi. Kuna ukingo wa pembeni unaotoka na kurudishwa. Na kuna pete ya kufunga, ambayo imekatwa sehemu moja ili iweze kupanuka, na inakaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kwenye msingi. Janti nyingine zina vipande viwili tu, ukingo na pete vikiwa kitu kimoja, lakini kazi ni ileile.

Hakuna bulo inayoshika pete hiyo. Pine ikiwa tupu, pete inashikwa na ugumu wake wenyewe tu, kama bangili mkononi. Upepo ukiingia, pine inasukuma ukingo kwenda nje, ukingo unaisukuma pete, na pete inabana ndani ya mfereji. Kama imekaa sawasawa, kadiri upepo unavyozidi ndivyo inavyozidi kubana. Kama imekaa nusu nusu, kwa sababu ya kutu, kujipinda au udongo uliobaki mferejini, inaweza kuvumilia bari 2 au 3 bila kuonyesha kitu, halafu ikatoka kwenye bari 6.

Nguvu yake inaweza kupimwa kwa hesabu ya darasa la shule ya msingi. Bari 7 maana yake ni kama kilo 7 zinazosukuma kila sentimeta moja ya mraba. Eneo la pembeni la pine ya 12.00R20 ambalo mzigo wake unaishia kwenye ukingo ni kama sentimeta za mraba 3,000. Zidisha, unapata tani 21 hivi. Pete ikikosa mfereji, uzito huo wote unaachiwa kwa mara moja, na chuma kinaruka kabla jicho halijafunga. Mikono, uso na kifua cha aliyeinama juu yake ndivyo vinavyopigwa kwanza.

Huko Amerika, ajali za namna hii zilikuwa nyingi kiasi kwamba aina fulani ya janti za vipande ilipewa na mafundi jina la mtengeneza wajane. Mwaka 1980, idara ya serikali yao inayosimamia usalama kazini ilitoa kanuni maalum ya kazi hiyo, na mwaka 1984 ikaipanua hadi janti za kipande kimoja. Kanuni hiyo haihitaji viwanda vya gharama kubwa. Mambo yake mengi yanaweza kufanyika katika garaji yoyote ya Bukavu, Bunia au Kalemie.

Mfano ni huu. Kamioni imebeba shaba, na magurudumu ya nyuma yamefungwa mawili mawili. Ile pine ya nje ilianza kupoteza upepo muda mrefu kabla shofere hajajua, kwa sababu ya ndani ilikuwa inabeba mzigo. Anaposimama, manometa inaonyesha bari 3, wakati pine hiyo inapaswa kuwa na 8. Kwa kawaida shofere atasema: tia upepo tu, tuendelee.

Hapo ndipo kanuni ya asilimia 80 inapoingia. Asilimia 80 ya bari 8 ni 6.4. Pine yoyote iliyotembea ikiwa na upepo wa kiasi hicho au chini yake haitiwi upepo ikiwa bado kwenye kamioni. Inatolewa na kufunguliwa kwanza. Sababu ni mbili. Ikitembea laini, vipande vya janti vinasogea, na pete inaweza kuwa imetoka kidogo mahali pake bila mtu kuona. Pia nyuzi za chuma zilizo ndani ya ubavu wa pine zinakunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara hadi zinachoka na kukatika. Ukiirudishia upepo, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine na ubavu unafunguka kwa mstari mrefu kama zipu. Hali hii inaikuta hata pine isiyo na shambre wala pete, kwa hiyo mwenye janti ya kipande kimoja asijione salama.

Dalili ya zipu inasikika kabla ya kuonekana: sauti ndogo za kupasuka, ta, ta, ta, kama chumvi kwenye moto, au uvimbe ubavuni. Anayesikia hivyo hasogei kuangalia. Upepo unatolewa kwa mbali, na pine hiyo haitumiki tena.

Basi fundi wa mfano huu anaanzaje? Kabla ya kulegeza nati hata moja, anatoa upepo wote katika pine zote mbili, ya nje na ya ndani. Hii ya ndani ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kama janti yake imepasuka, nati za gurudumu ndizo zinazoishikilia, na zikilegezwa, inalipuka kuelekea kwa mwenye ufunguo. Upepo hautolewi kwa kubonyeza valvu tu na kuondoka. Ile sindano ya ndani ya valvu inafunguliwa na kutolewa kabisa, halafu kipande cha waya kinapitishwa kwenye tundu kuhakikisha halijaziba. Kuna mafundi walioamini pine ni tupu kwa sababu haikuvuma tena, kumbe tundu lilikuwa limejaa uchafu.

Baada ya kufungua, kazi kubwa ni kutazama chuma. Mfereji unasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa maana gamba la kutu linatosha kuinyanyua pete. Pete iliyopinda, iliyopasuka au iliyolika hainyooshwi wala kuchomelewa, inatupwa. Na hapa kuna tabia mbaya ya barabara zetu: pete ya janti moja kupewa janti nyingine kwa sababu kipimo kinafanana kwa macho. Pete mbili za inchi 20 zinaweza kutofautiana kwa milimeta chache, na milimeta hizo ndizo zinazoshika tani 20. Alama zilizopigwa kwenye chuma lazima zilingane. Baada ya kuunga, ncha mbili za pete zinapaswa kubakiza nafasi ndogo katikati yake. Zikigusana kabisa, au nafasi ikiwa kubwa isivyo kawaida, vipande hivyo si vya janti moja.

Ndipo upepo unatiwa kidogo, chini ya bari moja, ili pine na pete vikae tu. Fundi anazunguka kwa macho pete yote. Kama kuna mahali imeinuka, hachukui nyundo. Anatoa upepo wote, anatoa sindano ya valvu, kisha anarekebisha. Kugonga pete yenye upepo nyuma yake ni kama kuvuta kifyatuo cha bunduki ili kujua kama ina risasi.

Upepo unaobaki unatiwa pine ikiwa ndani ya kizimba cha vyuma. Kizimba kinachofaa kinajengwa kustahimili nguvu inayozidi ile ya pine kwa nusu yake. Kimoja kilichounganishwa na vyuma vya madirisha kinampa fundi moyo tu, si ulinzi. Tiyo inapaswa kuwa na kichwa kinachojibana chenyewe kwenye valvu, na robine pamoja na manometa viwe mbali, upande wa mkono wa fundi. Hivyo anasimama mita kadhaa kutoka pale, akielekea sehemu ya pine inayogusa barabara, kamwe si ubavuni wala mbele ya pete. Upepo ukifika kipimo, anakagua pete tena pine ikiwa bado kizimbani.

Na kando ya barabara pasipo kizimba? Wengi wanalaza pine chini, pete ikitazama ardhi, wakidhani udongo utaizuia. Udongo hauzuii kitu. Gurudumu lote ndilo linaloruka juu. Mnyororo uliofungwa ovyo nao unaweza kukatika na kuwa chuma kingine kinachoruka. Njia yenye akili ni pine ya akiba iliyotiwa upepo kizimbani kabla ya safari, na barabarani kubadilisha tu. Kampuni yenye kamioni kumi inaweza kununua kizimba cha kubebeka kwa bei ndogo kuliko pine chache mpya.

Jambo moja lenye hila zaidi ni moto. Nati ikikwama, fundi anawasha shalumo. Janti ikipasuka, wanaichomelea pine ikiwa bado juu yake, wakisema haina upepo. Lakini mpira ukipata joto upande wa ndani unatoa gesi inayowaka, na hewa iliyobaki ndani inatosha kuilipua, hata sindano ya valvu ikiwa imetolewa. Mlipuko huo unaweza kuja dakika nyingi baada ya moto kuzimwa. Pine inaondolewa kwenye janti kabisa kabla ya moto wowote kukaribia chuma.

Kwenye migodi mikubwa ya shaba na kobalti jambo hilo linachukuliwa kwa vipimo vingine. Pine ya 27.00R49 ina urefu wa karibu mita 2.7, na janti yake ina vipande vitano. Breki zikishika moto, au gari likigusa waya wa umeme, pine inaweza kulipuka bila onyo. Utaratibu unaofuatwa sana migodini ni kuwaondoa watu mpaka mita 300 na kuliacha gari saa 24 kabla ya mtu yeyote kulikaribia. Anayelazimika kusogea anapitia mbele au nyuma ya gari, hapitii ubavuni mwa magurudumu, na moshi ukiwa bado unatoka kwenye breki hakuna anayetumwa kwa miguu na ndoo ya maji.