Ripoti ya Wiki Yenye Mistari Mitatu

Mwaka 2006 kampuni ya magari ya Ford ya Marekani ilikuwa ikielekea kwenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Septemba ya mwaka huo ilimchukua mkurugenzi mpya, Alan Mulally, kutoka Boeing wanakotengeneza ndege. Mulally akaanzisha kikao cha kila Alhamisi, na kila mkuu wa idara akatakiwa kuonyesha hali ya kazi zake kwa rangi: kijani kwa kazi inayokwenda sawa, njano kwa yenye wasiwasi, nyekundu kwa iliyokwama. Mwanzoni ubao mzima ulikuwa kijani. Akawauliza inakuwaje kampuni ipoteze mabilioni wakati kila kitu kinakwenda vizuri. Hatimaye Mark Fields, msimamizi wa shughuli za Ford katika Amerika, akaonyesha nyekundu: uzinduzi wa gari jipya la Edge ulikuwa umesimama kwa sababu ya hitilafu. Mulally akampigia makofi, na wakuu wenzake wakaanza kueleza namna ya kumsaidia.

Kilichokosekana katika vikao vile vya mwanzo ni taarifa mbili tu: kipi kinatishia kazi, na nani afanye nini ili kazi isikwame. Ndizo taarifa zinazozama upesi zaidi katika ripoti ndefu ya mradi.

Chukua mradi ambao wasomaji wengi wameuona kwa macho: ujenzi wa madarasa mawili ya shule ya msingi mkoani Tanga, ambao unatakiwa uezekwe kabla ya mvua za vuli. Kila Ijumaa msimamizi anaandika ripoti kwa mhandisi wa halmashauri. Ukurasa wa kwanza unaeleza kikao cha kamati ya ujenzi na waliohudhuria. Wa pili una orodha ya saruji na nondo zilizopokelewa, wa tatu una picha. Katikati ya ukurasa wa nne, baada ya shukrani kwa wananchi waliosomba mchanga, kuna sentensi isemayo kwamba ufuatiliaji wa mbao unaendelea. Mhandisi ana miradi mingine mezani. Anasoma ukurasa wa kwanza, anaangalia picha, anaona ukuta umepanda, basi anaridhika. Kumbe ile sentensi ya mbao ndiyo iliyobeba mradi mzima.

Ripoti hiyohiyo ikifupishwa inakuwa hivi:

Maendeleo: Boma limefika hatua ya lenta, zege la lenta limemwagwa Jumatano kwa madarasa yote mawili.

Hatari: Mbao za kupaua hazijafika. Zisipofika hadi Alhamisi ijayo, mafundi watahamia kazi nyingine na paa halitakamilika kabla ya vuli.

Kinachohitajika: Ofisa manunuzi asaini malipo ya mzabuni wa mbao kabla ya Jumanne saa 6 mchana.

Mstari wa kwanza unaonekana rahisi, lakini ndio unaodanganya zaidi. Wengi huandika kwamba kazi inaendelea vizuri, au kwamba imefikia asilimia 90. Asilimia hiyo mara nyingi imetokana na fedha zilizotumika, na fedha zilizotumika si kazi iliyofanyika: saruji iliyonunuliwa na kulala stoo imeshakula bajeti, ila haijawa ukuta. Isitoshe, asilimia 90 inaweza kukaa palepale mwezi mzima bila mtu kushtuka, maana kazi ndogondogo za mwisho, kama fremu, sakafu, rangi na ubao wa darasani, hula muda kuliko zinavyodhaniwa. Ndiyo maana mstari huu utaje kitu kilichokamilika, ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukiona na kukigusa. Lenta imemwagwa au haijamwagwa. Wiki ambayo hakuna kilichokamilika, mstari useme hivyo, ueleze na sababu kwa maneno machache.

Mstari wa hatari unataka vitu vitatu: jambo lenyewe, tarehe ambayo kuchelewa kutaanza kuuma, na kitakachoharibika baada ya hapo. “Changamoto ya upatikanaji wa mbao” haina hata kimoja, kwa hiyo anayeisoma hana namna ya kujua kama ashughulike leo au mwezi ujao. Tarehe nayo haitoki hewani. Msimamizi anahesabu kurudi nyuma: mvua zinatarajiwa Oktoba, kupaua na kuezeka kunahitaji siku kadhaa, mafundi wameahidiwa kazi kwingine wiki inayofuata. Hesabu hiyo ndiyo inayoleta Alhamisi, na kuifanya ni kazi ngumu kuliko kujaza kurasa nne.

Mstari wa tatu hutoka tumboni mwa ule wa pili. Hitaji lisiloondoa hatari iliyotajwa huwa ni ombi la kawaida tu, na mahali pake ni kwenye bajeti. Hitaji la kweli lina mtu mmoja anayejulikana kwa jina au cheo, tendo moja, na siku. Kuandika kwamba uongozi unaombwa kuharakisha ni kutomwandikia mtu yeyote, kwa sababu kila kiongozi atadhani anatajwa mwenzake. Hapa msimamizi anahitaji ujasiri kidogo. Kumtaja ofisa manunuzi katika ujumbe unaosomwa na mkubwa wake kunaweza kuonekana kama mashtaka, hivyo ni uungwana kumpigia simu kwanza, kumweleza kitakachoandikwa, na kusikia kama kuna karatasi inayomkwamisha. Pengine hati ya kupokelea mzigo haijafika kwake, na hapo mhitajiwa halisi ni mtu mwingine kabisa.

Kurasa nne hazitupwi. Agosti 1940, katikati ya vita, Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill aliwaandikia watumishi wa serikali akiwataka waandike ripoti kwa aya fupi zenye hoja kuu, na takwimu au uchambuzi mgumu viende kwenye kiambatisho. Katika ujenzi wa madarasa, kiambatisho ni daftari la stoo, stakabadhi, picha zenye tarehe na muhtasari wa kamati. Mkaguzi atavitaka, na malipo ya fundi hayawezi kusimama juu ya mistari mitatu.

Faida kubwa huonekana wiki ya pili na ya tatu, mhandisi anapoweka ripoti mbili pamoja. Hitaji la wiki iliyopita limetimizwa? Mbao zikitajwa tena Ijumaa inayofuata, anajua tatizo limehama kutoka kwa mzabuni hadi mezani pa mtu, naye anamfuata mwenyewe. Mstari wa hatari ukiandikwa “hakuna” wiki tatu mfululizo huku jengo likibaki kwenye lenta, ni wakati wa kupanda pikipiki na kwenda kuona. Na msimamizi aliyeandika hatari mapema akakaripiwa mbele ya wenzake hataandika nyingine. Mulally alipopiga makofi alikuwa akilinda ripoti za wiki zilizofuata.

Kuna mambo ambayo mistari hii haibebi. Ukuta ukipasuka, fundi akianguka kutoka jukwaani au nondo zikiibwa usiku, simu inapigwa saa ileile bila kungoja Ijumaa. Na mradi wenye hatari tano kubwa kwa wakati mmoja hautoshi katika mstari mmoja. Hapo msimamizi ataje ile yenye tarehe ya karibu zaidi, aombe kikao kwa ajili ya zilizobaki, na kikao hicho akiweke kwenye mstari wa tatu pamoja na siku anayokitaka.