Karibuni Keja, Lakini Bodi Nyekundu ni ya Nyama Mbichi

Wewe wa chumba cha balkoni, na wewe wa ile ya kona yenye bado inanuka rangi. Karibuni Roysambu, floo ya nne, lifti ni miguu yako. Pasiwedi ya waifai iko nyuma ya mlango. Keateka anaitwa "mkubwa", ukimwita kitu ingine maji itapotea ukiwa umejipaka sabuni. Hizo zingine mtazishika polepole. Hii meseji ni ya jikoni tu, na naituma kabla mtu atoe sufuria kwa boksi.

Najua mnajiuliza, kwani huyu ni matroni? Zii. Mimi nililala kwa tailizi za choo siku mbili mwaka jana. Hiyo ndio digrii yangu.

Stori ni hivi. Jumapili, tuko wanne: mimi, beshte wangu mwenye alikuwa kwa moja ya vyumba zenu, dem yake, na msee mwingine mwenye hawezi gusa kitunguu mbichi hata ukimlipa. Kuku broila mzima, ugali, skuma, kachumbari. Beshte akakata kuku kwa chopingi bodi. Akapanguza bodi na kitambaa. Kitambaa, maze! Alafu hapo hapo, kisu ni hiyo hiyo, akaangusha nyanya, kitunguu na dania. Tukamanga. Tukapiga picha. Laiki kibao.

Jumatatu, fiti. Jumanne, fiti. Jumatano usiku tumbo ikaanza kupiga ngoma, na keja ina choo moja. Sisi watatu tunapishana kwa koridoo ka mathree za Thika Rodi. Joto, kuumwa na viungo, kuendesha kama bomba imepasuka. Tukalaani mutura ya Jumatano jioni. Mimi niliapa sitawahi ongelesha yule msee wa mutura tena.

Ijumaa tukajikokota hadi klinik. Daktari hakuuliza mutura. Aliuliza, "Jumapili mlikula nini?" Kupimwa choo, jina ikatoka: kampilobakta. Huyo ni mdudu wa kuku mbichi, na yeye si wa haraka. Mara nyingi anachukua siku 2 hadi 5 ndio akubishie hodi. So ukiugua leo, mwenye makosa si lazima awe ile kitu ulikula leo. Msee wa mutura alikuwa inosenti. Nilimwomba msamaha kwa kununua ya soo.

Sasa chekini hapa. Yule wa kuchukia kitunguu alikula kuku ile ile, ugali ile ile, skuma ile ile. Akalala kama mtoi. Kitu pekee hakugusa ni kachumbari. Kuku yenyewe haikuwa na noma, ju ilipikwa ikaiva na moto ukaua huyo mdudu. Lakini kachumbari haipikwi. Wadudu walitoka kwa kuku, wakapanda bodi, wakashukia kwa nyanya, na hakuna moto mahali walienda. Hiyo ndio mchezo yote. Nyama mbichi haikumalizi kwa sufuria, inakumaliza kwa njia ya kuelekea sufuria.

Ndio maana kuna bodi mbili. Nyekundu ni ya nyama na samaki, mbichi. Kijani ni ya kachumbari, matunda, mkate, na nyama yenye imeshaiva. Visu pia ni viwili, ile ya mpini mweusi inakaa na nyekundu. Ukinipata nimekata avokado kwa nyekundu, nitoze soo tano. Nikikupata, ni soo tano pia. Hakuna mdosi hapa.

Bodi ziko soo tatu kila moja, plastiki ya kawaida. Najua kuna ile ya mbao ya akasia mnaona kwa Insta, thao nne, imepakwa mafuta inang'ara kuliko kichwa ya mbunge. Si kwamba mbao ni chafu. Kuna profesa wa Amerika, Dean Cliver, alipima hii kitu kitambo, akapata bakteria zikiwekwa kwa mbao zinazama ndani na hazirudi juu zikiwa hai, na plastiki yenye imekatwakatwa na kisu ndio ngumu kusafisha. So mbao haijakosea. Wallet yangu ndio imekosea. Ya plastiki tunaangalia makovu: ukipitisha kucha na ikwame kwa mstari, hiyo bodi imeenda, tunachanga soo tatu, tunanunua ingine. Thao nne utaitupa saa ngapi? Utairithisha watoto.

Kuosha bodi nyekundu: sabuni na maji moto kwanza, sugua hadi mafuta itoke. Hiyo ndio kazi kubwa. Alafu jiki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, iache dakika kadhaa, suuza, isimamishe ikauke. Ukimwaga jiki juu ya mafuta umetupa doh, ju uchafu ndio unaila hiyo jiki kabla ifikie mdudu. Na usichanganye jiki na siki wala limau. Inatoa gesi ya klorini, na sisi dirisha ya jikoni ni kubwa kama simu.

Ikifika hapa najua mathe wa mtu ameshapiga simu. "Kuku lazima ioshwe na limau!" Mathe wangu anaosha kuku chini ya bomba kama anabatiza. Ukimwambia wacha, anakuuliza nani alikulea. Wewe, mathe, lakini tulikuwa tunaendesha kila Krisimasi tukisema ni soda nyingi! Maji ya bomba haiui mdudu yeyote, inamrusha tu: kwa sinki, kwa sponji, kwa vikombe zenye umetoka kuosha. Limau nayo inaleta harufu poa na basi. So hapa kuku haioshwi. Inatoka kwa karatasi, inaingia sufuria. Kama ni kienyeji yenye bado ina manyoya na damu, izamishe polepole kwa sufuria ya maji, mwaga taratibu, alafu sinki ipigwe sabuni na jiki. Bomba ikae imefungwa. Na mikono, sabuni, kabla ushike simu. Simu yako ni bodi nyekundu yenye unaweka kwa mdomo.

Vyombo sasa. Hapa ndio urafiki hukufa.

Keja nyingi ziko na ile sheria ya "mwenye amepika haoshi". Inasound poa. Mimi niliishi na msee alikuwa anapika mayai na kutumia sufuria tano, kijiko ya kila yai, alafu anarudi kwa kochi, "nimepika, oshani." So tulibadilisha. Mwenye amepika anaosha bodi, kisu na sufuria zake, siku hiyo hiyo. Mwenye amekula anaosha sahani, kikombe na kijiko yake. Ukipika na sufuria moja, umejipea zawadi. Ukitaka kujifanya shefu wa TikTok, onyesha na hiyo sehemu ya kusugua.

Maji hukuja siku kadhaa kwa wiki, hizo zingine ni mitungi. So hatuoshi na bomba ikitiririka kama tuko hoteli ya Westi. Beseni mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuza. Glasi zinaanza, zikifuatwa na vijiko, sahani, alafu sufuria zenye mafuta mwisho. Ukianza na sufuria ya samaki, chai ya kesho itakuwa na ladha ya samaki. Ilitokea. Tulikuwa na mgeni. Aibu.

Sufuria ya ugali: maji baridi, iache ilale. Usiweke moto, wanga inageuka gluu na utasugua hadi kipindi cha pili. Ya mayai na maziwa pia ni baridi kwanza, moto inaipika tena. Na "nimeloweka" ina masaa 12. Baada ya hapo hujaloweka, umetoroka.

Tuingie friji. Kuna tepe na makapeni juu yake. Chakula ikiingia inaandikwa jina na siku. Siku mbili za kwanza ni yako peke yako, hakuna "nilionja tu". Ya tatu ni ya keja. Ya nne ni ya pipa, bila mazishi. Ukikula ya mtu ndani ya siku zake, unapika mpya ama unalipa, na hujifanyi eti ulidhani ni yako. Jina iko hapo, maze, kwa makapeni.

Lakini tepe haisaidii kama chakula ililala kwa jiko usiku mzima. Masaa mawili, basi, iwe ndani. Ikiwa nyingi, igawanye kwa vyombo vidogo, ju sufuria nzima ya ndengu inakaa na joto katikati hadi asubuhi na wadudu wanafanya pati.

Raisi ndio mnafiki mkubwa. Iko na mdudu anaitwa basilasi, mbegu zake zinapita kwa maji ya kuchemka bila kushtuka. Ukiacha raisi kwa joto ya nyumba, zinaamka, zinatoa sumu, na hiyo sumu hata ukipasha ichemke haiendi. Shosho wangu anasema amekula wali wa jana miaka yote na hajafa. Shosho, pia hukuwahi kosa kulala mchana ukishika tumbo. So raisi inatandazwa kwa sinia ipoe, ndani ya saa moja iko kwa friji, na inaliwa kesho yake. Haingojei siku ya tatu. Kupasha ni mara moja, hadi itoe moshi katikati, si kingo pekee.

Stima ikipotea, usifungue friji kucheki kama bado ni baridi. Ukiiacha imefungwa inashika kama masaa 4. Ukifungua kila saa unauza baridi kwa keateka. Na nyama mbichi ni shelfu ya chini, ndani ya kontena, ju damu haipandi, inashuka. Mara ya mwisho ilishukia keki ya besidei. Ya mtu. Thao mbili na nusu, ikaenda kwa pipa ikiwa na mishumaa.

Leo ni Jumanne. Kwa friji kuna ndengu zangu za Jumapili, tepe iko. Saa tatu usiku zinakuwa za watu wote. Chapo hakuna, mtu apitie hapo chini anunue za mbao mbao. Sufuria ya ndengu nitaosha mimi. Sahani, kila msee na yake.