Nguvu Tano Kabla ya Kuuona Mtihani

Mtahiniwa wa usimamizi wa biashara anayesubiri kisa asichokijua hujiandalia maswali, si majibu. Mengi yanatokana na Michael Porter wa Harvard, aliyeeleza mwaka 1979 nguvu tano zinazobana faida: washindani waliopo, wanaoweza kuingia sokoni, bidhaa mbadala, wanunuzi na wauzaji wa malighafi.

Tuseme kisa ni cha kiwanda cha mikate. Asilimia 60 ya mauzo huenda kwenye duka kuu moja, na unga unapatikana kwa wasagaji wengi. Hapo mnunuzi ndiye mwenye rungu; wasagaji wanatosha sentensi moja.

Anayezieleza zote tano kwa urefu sawa amekariri tu, na msahihishaji humjua upesi: aya zake zingefaa kiwanda chochote. Mwenzake huonyesha kwamba duka likidai punguzo, kiwanda hakina pa kukimbilia, kisha hupendekeza kuuzia shule na hoteli, akikadiria gharama ya kuwafikishia mikate.