Lebo za Wi-Fi: Kizazi si Kasi

Makala haya mafupi yanachunguza lebo mbili zinazobandikwa kwenye kisanduku kimoja cha ruta. Ya kwanza, Wi-Fi 5, ni jina la kizazi, ambalo Muungano wa Wi-Fi ulilitangaza mwaka 2018 kwa kiwango cha 802.11ac. Nambari yake hudokeza nafasi katika mfuatano, wala haipimi kasi.

Ya pili, AC1200, ni jumla: megabiti 300 kwa sekunde katika bendi ya gigahezi 2.4, na 867 katika gigahezi 5, kisha ikakadiriwa kuwa 1200. Hata hivyo, simu kwa kawaida hutumia bendi moja tu kwa wakati mmoja. Jumla hiyo haiifikii kamwe. Aidha, 867 huhitaji antena mbili kila upande. Simu yenye antena moja hukomea 433.

Hata 433 ni kasi ya mawimbi hewani. Vifaa hupokezana zamu, na kila kundi la data husubiri uthibitisho. Hivyo basi, sehemu kubwa ya muda hutumika bila kubeba data ya mtumiaji. Ukuta ukiingia kati, ruta hupunguza kasi ili ujumbe usiharibike. Kwa hiyo, 433 inayoonyeshwa na simu ni kikomo cha kiungo, si kiasi kinachopokewa.